Muhula Si Muhla: Barua ya Kiarabu Kujibu Waraka wa Skuli wa Kiingereza

Maskati ina nyumba nyingi ambamo Kiswahili ndicho kinachosemwa jikoni na barazani, Kiarabu ndicho cha ofisini, na Kiingereza ndicho anachorudi nacho mtoto kutoka skuli. Ni nyumba za Waomani wenye asili ya Unguja, Pemba na Mrima. Wako waliorejea baada ya 1964, na wakaongezeka kuanzia 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walio nje warudi kuijenga. Wajukuu wao sasa wamo katika skuli za binafsi zinazosomesha kwa Kiingereza, na waraka wa skuli hupita lugha tatu kabla haujajibiwa: unakuja kwa Kiingereza, unajadiliwa nyumbani kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiarabu.

Sisi tunaowaandikia wazazi barua za namna hii tulidhani mwanzoni kwamba shida kubwa itakuwa Kiingereza. Kumbe Kiingereza hutafutiwa mtu akakisoma, likaisha. Kinachoharibu barua ni Kiswahili chenyewe, kwa sababu kina maneno mengi ya asili ya Kiarabu, na mzazi anapoyatia katika barua anaamini yamerudi kwao. Mengine hayajarudi. Yalipovuka bahari yalibadilika maana, na yale yanayohusu skuli na pesa ndiyo yaliyobadilika zaidi.

Tuchukue waraka mmoja wa mfano, wa aina inayokuja kila mwaka. Una tarehe ya Januari 27, 2026. Sehemu ya kwanza inadai ada ya nusu ya pili ya mwaka, riyali 240.000, mwisho wa kulipa ni 05/02/2026. Sehemu ya pili inatangaza ziara ya darasa la nne kwenda ngome ya Nizwa tarehe 10/02/2026, kwa riyali 7.500 kila mtoto. Mama anataka mambo mawili: ada ailipe kwa mafungu, na bintiye aende Nizwa lakini skuli ijue kwamba ana pumu. Mtoto ameuacha waraka darasani, kwa hiyo mama ametumiwa picha yake na mzazi mwenziwe kwa WhatsApp.

Basi kazi inaanza na picha, kabla ya kalamu.

Jambo la kwanza la kuhakikisha ni kwamba waraka huo ni wa mtoto wako. Mzazi aliyeupiga picha anaweza kuwa na mtoto wa darasa la tano, na darasa la tano likawa na siku nyingine na bei nyingine. Tazama juu, chini ya nembo ya skuli, pale palipotajwa madarasa. Kisha tazama mwaka, kwa sababu picha za mwaka jana huzunguka tena kwenye makundi ya wazazi mtu anapozikuta kwenye simu yake.

Halafu hesabu pembe. Picha nzima ina pembe nne za karatasi. Picha nyingi tunazoletewa zina tatu au mbili, na pembe zinazokosekana ni za chini, kwa kuwa mpigaji alikuwa akilenga jedwali la pesa lililo katikati. Huko chini ndiko kunakokaa mambo mawili yanayoumiza baadaye. Moja ni kipande cha kukata chenye mistari ya nukta, ambacho mzazi hutia saini ya ruhusa na kukirudisha. La pili ni alama ya nyota yenye maandishi madogo. Katika waraka wetu, nyota iko pembeni mwa 7.500, na maelezo yake chini kabisa yanasema kwamba baada ya Jumapili tarehe 8 pesa ya ziara hairudishwi, mtoto aende asiende. Ukiiona nyota juu na usione nyota nyingine chini, jua kwamba picha imekatwa, usianze kuandika.

Omba picha nyingine, na umwambie mwenzako namna ya kuipiga. Aulaze waraka juu ya meza karibu na dirisha, asiushike mkononi kwani karatasi hupinda na safu za tarakimu zikapinda nazo. Asimame juu yake ili kamera iutazame moja kwa moja, azime taa ya kamera kwa sababu karatasi yenye kung'aa hufanya doa jeupe juu ya maandishi, na ageuze apige upande wa nyuma pia, hata kama anadhani hauna kitu. Akiituma, asiitume kama picha ya kawaida. Aitume kama hati, yaani aguse alama ya kuambatisha, achague kutuma hati, ndipo aichague picha. WhatsApp huzibana picha za kawaida ili zisile data, na zinapobanwa huanza kupotea herufi ndogo, ambazo ndizo tunazozitafuta.

Tarakimu iliyofifia usiikisie. Tatu na nane hufanana, tano na sita hufanana, moja na saba pia. Njia ya kujua ni kujumlisha. Jedwali la waraka wetu lina masomo 210.000, vitabu 18.000 na shughuli za skuli 12.000, na jumla ni 240.000. Kama kwenye picha ile 18 inasomeka kama 13, jumla itakuwa 235, na hapo utajua jicho lako limekosea. Jedwali lisilo na jumla ni la kuuliza skuli kwa simu, hata kama mstari unaonekana wazi.

Nukta ile ya katikati nayo ina watu wake inaowakamata, hasa aliyehamia karibuni kutoka Dar es Salaam au Unguja. Riyali moja ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta. 240.000 ni riyali mia mbili na arubaini. 7.500 ni riyali saba na baisa mia tano, yaani saba na nusu. Aliyezoea shilingi huona elfu saba na mia tano akashtuka. Mbaya zaidi ni yule anayedhani nukta na sifuri za mwisho ni pambo, akaandika katika barua kwamba atalipa riyali sabini na tano.

Katika barua yenyewe chagua aina moja ya tarakimu. Kwa tarakimu wanazozitumia Waarabu wa mashariki, tano ni duara na sifuri ni nukta. Mtu akiandika 7.500 kwa mkono kwa tarakimu hizo, msomaji aliyezoea zile za kizungu ataona duara na vinukta viwili, na duara kwake ni sifuri. Katika skuli ya Kiingereza mhasibu anaweza kuwa Mhindi au Mfilipino asiyezisoma kabisa. Tunashauri kutumia 1, 2, 3 tunazozijua sote, kisha kiasi kirudiwe kwa maneno. Kurudia huku kwa maneno ni desturi ya Kiarabu katika kila kitu cha pesa, na maneno hufungwa kwa *la ghair*, maana yake "si zaidi", ili mtu asije akaongeza. Kwa hiyo 120.000 inafuatwa na *mia wa ishruna riyalan umaniyan la ghair*.

Tarehe nayo ina mtego wake. Skuli zenye mtaala wa Kimarekani huweza kutanguliza mwezi mbele ya siku, na 05/02 ikawa Mei 2. Kalenda itakujibu bila kumuuliza mtu. Oman imepumzika Ijumaa na Jumamosi tangu Mei 2013. Mei 2, 2026 ni Jumamosi, skuli imefungwa, hakuna atakayekusanya ada siku hiyo. Februari 5 ni Alhamisi, siku ya kazi. Na 10/02? Kama ingekuwa Oktoba 2 ingeangukia Ijumaa, na hakuna skuli hapa inayopeleka watoto Nizwa siku ya sala ya Ijumaa. Februari 10 ni Jumanne. Ukishajua, andika mwezi kwa jina katika barua, na siku ya wiki ikae kando yake.

Sasa saa. Waraka unasema basi litaondoka 7:00 asubuhi na kurudi 2:00 mchana, jambo la maana kwa kuwa Nizwa iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Maskati. Mama anasoma 7:00 na kwa Kiswahili anasema "saa moja". Anayeandika, kama ni kijana aliyezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha kusikia, anaandika *as-saa al-wahida*, na hiyo kwa Kiarabu ni saa saba ya mchana wetu. Barua inafika skuli ikisema kwamba mama atamleta mtoto saa ambayo basi limeshageuza, liko njiani kurudi. Kiarabu cha saa moja asubuhi ni *as-saa as-sabia sabahan*, saa ya saba, asubuhi. Tunapoandika tunamtaka mzazi ataje saa kwa Kiswahili na sisi tuitazame saa ya waraka kwa macho, viwili hivyo vipishane kwa sita. Visipopishana kwa sita, mmoja wetu amekosea.

Tufike sasa kwenye maneno.

"Niandikie hivi," mama anasema, "kuhusu taarifa yenu, naomba gharama za muhula wa pili nizilipe kidogo kidogo, na kuhusu safari, mtoto wangu nimempa idhini."

Ni Kiswahili safi. Karibu kila neno zito lililomo lina sura ya Kiarabu, na mtu akilihamisha kama lilivyo, kila neno litasomeka, ila barua itakuwa inasema jambo jingine.

*Taarifa* kwa Kiarabu ni orodha ya bei, kama ya umeme au ya usafiri. Hili ni baya kuliko mengine kwa sababu barua inahusu pesa, na msomaji hashtuki. Anaposoma "kuhusu *taarifa* yenu" anaelewa kwamba mzazi ana neno na bei za skuli, na karatasi inawekwa upande wa malalamiko. Waraka unaotumwa kwa wazazi wote huitwa *taamim*. Wala usiseme *waraka*, kwani kwao hiyo ni karatasi yoyote, hata ya kufungia karanga.

*Gharama* kwao ni faini. Mtu akivunja sheria hutozwa *gharama*. Mzazi anayeandika kwamba anaomba kulipa *gharama* ya ziara anasikika kama mtu aliyeadhibiwa. Kinacholipwa skuli ni *rusum*, na neno hilo linatosha kwa ada na kwa pesa ya ziara pia. *Ada* yetu nayo kwao ni mazoea, desturi ya mtu au ya mji. Haiwezi kulipwa.

*Muhula* ndilo lililotuletea taabu zaidi, hata tukaliweka juu ya makala haya. Kwetu ni kipindi cha masomo. Kwa Kiarabu *muhla* ni muda wa nyongeza anaopewa mdaiwa ili atafute pesa. Sasa soma tena ombi la mama kwa macho ya mhasibu Mwarabu: anaomba kulipa katika *muhla* ya pili. Kwake hiyo ni kusema kwamba alishapewa muda wa nyongeza mara moja, haukumtosha, na anaomba wa pili. Mama ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja anajiandikia mwenyewe kwamba ni mdaiwa sugu. Mhasibu atafungua daftari, hataona *muhla* ya kwanza, na barua itakaa pembeni mpaka mtu aulizwe. Nusu ya mwaka wa masomo ni *al-faslu ad-dirasi*, na ya pili ni *ath-thani*. Likumbuke pia upande wa pili: siku ukitaka kweli kuongezewa muda, *muhla* ndilo neno lenyewe, litumie bila hofu.

*Safari* kwetu ni ya kwenda popote. Kwa Kiarabu *safar* huelekea safari ndefu, na mzazi akiandika kwamba bintiye yuko katika *safar* tarehe 10, katibu huelewa kwamba familia inaondoka nchini na mtoto hatakuwepo. Jina lake huandikwa katika wasiokuja. Ziara ya skuli ni *rihla*.

Yako mengine madogo. *Ratiba* yetu ikiingia katika Kiarabu hugeuka *ratib*, mshahara, kwa hiyo mpangilio wa siku uite *jadwal*. Punguzo ni *khasm*, neno lile lile lililotupa hasimu, na wazazi hulikimbia kwa kudhani ni la ugomvi, nalo ndilo linaloandikwa madukani siku za bei nafuu. Na *tafadhali* usianzie ombi. Kwao ni neno la mwenye nyumba anayekaribisha au anayekupa kitu. Ombi huanza na *arju*, natumai, au *arju at-takarrum*, natumai ukarimu wenu. Maneno yanayosimama salama pande zote mbili yapo pia: mhasibu ni *muhasib*, tarehe ni *tarikh*, rasmi ni *rasmi*, idhini ni *idhn*, ingawa katika fomu za skuli utakuta *muwafaka* zaidi.

Kuna jambo ambalo Kiswahili hakitufundishi hata kidogo, nalo ni jinsia. Mama anasema "mtoto wangu", "mwalimu mkuu", "mwanafunzi", na hakuna anayejua ni wa kike au wa kiume. Kiarabu hakikubali. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza uliza: mtoto ni msichana? Mkuu wa skuli ni mwanamke? Msichana ni *ibnati* na *at-taliba*, mvulana ni *ibni* na *at-talib*. Mkuu wa kike ni *al-fadhila*, na mwisho wa mstari *al-muhtarama*; wa kiume ni *al-fadhil*, *al-muhtaram*. Ukikosea kwa mkuu umemkosea adabu, na ukikosea kwa mtoto, katibu atamtafuta mvulana katika orodha asimpate. Watoto wakiwa wawili nao hawaitwi wengi, wana umbo lao la wawili, na mafungu mawili ya pesa hali kadhalika: *dufatain*.

Barua moja au mbili? Waraka umechanganya ada na ziara katika karatasi moja, na mzazi hufuata akachanganya. Ndani ya skuli njia zinaachana mlangoni: ada inakwenda kwa mhasibu, ziara kwa mwalimu msimamizi. Karatasi ikiwa moja, mhasibu huiweka katika faili lake akimaliza, na mwalimu wa ziara haioni kamwe. Ombi la ada haliharibiki, kinachopotea ni habari ya pumu. Sisi huandika barua mbili, kila moja na kichwa chake cha habari, hata kama zinapelekwa siku moja kwa mkono mmoja.

Ya ada haizidi mistari minane. Inaanza na jina la cheo cha mkuu, salamu kamili mpaka *wa barakatuh*, kisha *wa baad*. Kichwa cha habari ni *taksit rusum al-fasli ad-dirasi ath-thani*, kulipa kwa mafungu ada ya nusu ya pili ya mwaka. Sentensi ya kwanza inautaja waraka kwa tarehe yake: *ittalaatu ala taamimikum al-muarrakh*, na hapo Januari 27, 2026. Neno *ittalaatu* tumelichagua kwa makusudi. Maana yake nimeuona na kuusoma. Halisemi nimeukubali. Wapo wanaoandika *uwafiku*, nakubali, kwa nia ya heshima tu, kisha mstari unaofuata wanaomba mpango tofauti na ule waliokwisha kuukubali.

Baada yake linakuja ombi, na ombi lenye tarehe ndilo linalojibika. "Kidogo kidogo" alivyosema mama haimpi mhasibu kitu cha kuandika. Tunamuuliza mama mshahara unaingia siku gani, na tunaandika: mafungu mawili, la kwanza riyali 120.000 Alhamisi Februari 5, la pili riyali 120.000 Alhamisi Machi 5, kila moja kwa tarakimu na kwa maneno. Angalia kwamba fungu la kwanza linaangukia siku ile ile ya mwisho iliyowekwa na skuli. Ombi linaloanza na malipo ndani ya muda ni jepesi kukubaliwa kuliko linaloanza na kuchelewa. Sababu haihitaji maelezo marefu. Mstari mmoja unatosha, na kama hakuna sababu ya pekee, usiibuni. Barua inafungwa kwa *wa tafadhalu bi kabuli faiki l-ihtiram*, na hapo ndipo mahali halali pa lile neno tafadhali, kwa kuwa sasa unampa mtu kitu: pokeeni heshima zangu.

Chini ya hapo ni jina kamili la mtoto kama lilivyo katika orodha ya skuli, darasa na mkondo, na simu. Anayetia saini ajitaje alivyo. Faili la skuli mara nyingi lina jina la baba kama *waliyu al-amr*, mlezi. Mama akitia saini chini ya maneno hayo, katibu hulinganisha majina na kukuta hayafanani. Aandike *walidat at-taliba*, mama wa mwanafunzi, na jambo linakwisha.

Barua ya ziara ni fupi zaidi, lakini hii ndiyo tunayoisoma mara tatu. Inasema kwamba mama anakubali binti ashiriki, na hapa *uwafiku* iko mahali pake: *uwafiku ala musharakat ibnati fi ar-rihla*. Inataja Nizwa na Jumanne Februari 10, ili ruhusa iwe ya ziara hiyo moja, isije ikachukuliwa kuwa ya mwaka mzima. Inataja pesa, riyali 7.500, saba na baisa mia tano. Kisha pumu ipewe aya yake peke yake, isifichwe katikati ya shukrani. Pumu ni *rabu*, na dawa ya kuvuta ni *bakhakh*. Andika mambo ambayo mwalimu atayahitaji akiwa ngazini kwenye ngome, nayo ni manne: dawa iko mfuko gani wa mkoba, anavuta mara ngapi kama alivyoandikiwa na daktari, nini humwanzishia, na simu ipi ipigwe kwanza. Ngome ya Nizwa ina ngazi nyembamba za kupanda mnara, na mtoto mwenye pumu anayekimbizana na wenzake humo anahitaji mtu mmoja mzima anayejua dawa iko wapi. Tunaomba wazi wazi msimamizi ajulishwe. Tukiandika tu kwamba "mtoto ana pumu" tunakuwa tumetoa habari bila kumpa mtu kazi.

Barua hii haichukui nafasi ya kile kipande cha kukata. Skuli inahesabu vipande, haihesabu barua. Kama waraka wenyewe umepotea, chapisha ile picha ya pembe nne kwa ukubwa wa karatasi nzima, kata kipande, tia saini, kibane na barua. Kipande hicho ni cha Kiingereza na kina visanduku viwili, cha kukubali na cha kukataa, navyo hukaa karibu karibu. Mama asiyesoma Kiingereza aoneshwe kwa kidole, na alama aitie mwenyewe.

Kabla ya saini, barua isomwe kwa sauti, ila si kwa Kiarabu. Aliyeiandika aishike na aisome kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kama kwamba hajawahi kumsikia mama akieleza.

"Bibi, hapa nimeandika utalipa mara mbili, Februari tano na Machi tano. Ndivyo?"

"Ndivyo. Ila Machi tano mshahara haujafika, mwanangu. Andika tarehe nane."

Machi 8 ni Jumapili, siku ya kazi. Inabadilishwa hapo hapo, kwa tarakimu na kwa jina la siku. Mabadiliko ya namna hii hutokea karibu kila mara, kwa sababu mtu husikia ahadi yake vizuri zaidi inaposomwa na mwingine.

Katika skuli nyingi za Kiingereza mkuu mwenyewe hasomi Kiarabu. Barua husomwa na katibu, naye humweleza mkuu kwa Kiingereza, mara nyingi kwa mdomo. Kwa hiyo bana nyuma ya barua nakala ya ile picha, na chora duara kwa kalamu kwenye mstari wa 240.000 katika ile ya ada, na kwenye mstari wa Nizwa katika ile ya ziara. Katibu akifikia hapo atasoma maneno ya skuli yenyewe, hatalazimika kuyatafsiri upya kutoka Kiarabu. Kwa nini basi tusiandike Kiingereza tangu mwanzo? Kwa sababu Kiarabu ndiyo lugha rasmi ya nchi, na kama mambo yatafika wizarani, barua itakayosomwa huko bila kutafsiriwa ni hii. Na zaidi ya hapo, mama anaweza kuielewa saini yake iko chini ya nini.

Peleka nakala mbili za kila barua. Moja inabaki, moja inagongwa muhuri wa skuli na tarehe ya siku hiyo, nawe unarudi nayo. Ukitumiwa jibu kwa simu kwamba "sawa", omba liandikwe. Siku ya malipo dai risiti mbili, ya ada na ya ziara, na uzisome ukiwa bado mbele ya dirisha: ile ya kwanza iseme 120.000, na mahali pa maelezo pawe na *ad-dufa al-ula*, fungu la kwanza. Risiti isiyo na maneno hayo huonekana mwezi unaofuata kama malipo pungufu, na barua ya kudai salio huja nyumbani kwa Kiingereza.